Sahani za Kulia Chakula, Si za Msumari

Mama mudogo hapendi misumari. Ni mdogo wake mama yangu, mfinyanzi, na mimi ninakaa kwake hapa Kalemie kwa sababu shule yangu iko karibu na nyumba yake. Akiingia kwa mtu akakuta sahani yake imetundikwa ukutani pembeni ya picha ya arusi, anasalimia vizuri, anakunywa chai anayopewa, anauliza habari za watoto. Ila njiani kurudi anaanza.

"Miaka yote hii ninachora samaki, na hakuna hata mumoja mwenye alionja bugali."

Watu wanamwambia, lakini mama, sahani zako ni nzuri, tutazipakaje mafuta ya mawese? Wanafikiri wanamsifu.

Sahani zenyewe ni za udongo mwekundu. Anaukandamiza juu ya kalibu, anauacha ukauke polepole kivulini, anauchoma mara ya kwanza, kisha anakaa mlangoni na burashi yake nyembamba na kuchora samaki wa ziwa: kuhe, sangala, mikebuka. Hakuna karatasi ya kufuatisha. Anachora kama mtu anayeongea. Halafu kila sahani anaichovya ndani ya emaye, ambayo ni poda iliyokorogwa na maji, nyeupe kama uji wa muhogo. Ukiitazama hapo unaweza kulia, samaki amefunikwa wote. Lakini emaye ikiingia kwenye tanuru inayeyuka inakuwa kioo, na samaki anarudi akiwa chini yake, analala ndani ya kioo kama ndani ya maji. Tanuru ni la umeme, lilikuwa la shule ya ufundi iliyofungwa. Siku ya kuchoma hakuna anayepiga pasi nyumbani. Tunaomba tu umeme usikatike.

Mwaka huu mama mmoja wa Lubumbashi aliona picha za sahani kwenye simu ya rafiki yake wa kanisani. Alikuwa anafungua restora ndogo. Akatuma vokali, sauti yake nzito, nyuma yake sufuria zinagongana: "Mama, mimi nataka sahani za watu kulia. Si za mapambo. Nitakamata kwanza za meza mbili, kama njo nzuri nitakamata za meza zote. Lakini uniandikie vizuri kila kitu, juu watu wangu watakula humo. Ni salama? Mikrowevu inaingia? Na utazitumaje, zisifike vipande?"

Mama mudogo alisikiliza ile vokali mpaka mimi pia nikaijua kwa kichwa. Halafu akanitazama.

"Wewe njo utaandika."

Mimi kuongea ni shida. Darasani mwalimu akiniita, maneno yanakimbia yanajificha. Lakini nikiwa na kalamu hakuna anayenitazama, na huko ninasema mambo ambayo mdomo wangu usingethubutu. Mama mudogo anajua. Aliniwekea meza ya jikoni, akaifuta, akaweka sahani mbele yangu moja moja kama wagonjwa wanaoingia kwa daktari.

"Andika. Kisha unisomee kwa sauti mbele hatujatuma."

Kwa sauti. Alijua pia anachofanya.

Nilianza na swali la usalama. Rangi za samaki ziko chini ya emaye, chakula hakizigusi, hilo niliandika bila woga. Kuhusu emaye yenyewe, kwenye mkebe imeandikwa kwamba haina plomb, yale madini ya kwenye betri za gari, ambayo yakiingia ndani ya chakula ni sumu. Niliandika hivyo hivyo: mkebe unasema. Hatujapeleka sahani kupimwa kwenye laboratware, basi sikuandika kama tumepeleka. Tena tulikata ndimu, tukaweka kipande juu ya sahani moja, tukakiacha mpaka asubuhi. Tulipokitoa, kioo kilikuwa kinang'aa pale pale, samaki hajapauka. Mama mudogo akapiga makofi.

"Andika ndimu imekubali!"

Niliandika kwamba ndimu inaonyesha emaye imeshika vizuri. Na kwamba ndimu haiwezi kusema kama kuna plomb ama hakuna. Nilipomsomea sehemu ya pili, makofi yakanyamaza.

"Wewe unaandika kama daktari mwenye hapendi mugonjwa wake."

"Aliuliza, mama mudogo."

"Ndiyo. Aliuliza." Akarudi kuchora.

Kuhusu sahani kutofanana nilifurahi kuandika, ile sehemu ilitoka yenyewe. Nilisema hakuna samaki pacha. Mmoja anatazama kushoto, mwenzake kulia, mwingine amenenepa kwa sababu siku hiyo mchoraji alikuwa na njaa. Sahani zilizokaa karibu na nyaya za moto zimekuwa nyeusi kidogo kuliko za katikati. Upana unaweza kuzidi ama kupungua kwa unene wa kidole. Ukizipanga moja juu ya nyingine zitacheza kidogo, hazitalala kama za dukani. Na chini ya kila sahani kuna duara la udongo mtupu, mguu wake, bila kioo. Mguu tunaupangusa emaye kwa makusudi, la sivyo sahani ingeyeyukia kwenye ubao wa tanuru ikagandia pale. Mama mudogo aliposikia ile ya njaa alicheka mpaka akaweka burashi chini. "Hiyo iache. Hiyo iache kabisa."

Ikabaki mikrowevu.

Sisi hatuna. Iko moja kwa jirani, mama mwenye vyumba vya wageni, tukaenda kuomba. Nilisoma namna ya kujaribu: unaweka sahani tupu ndani, pembeni yake kikombe cha maji, unawasha kidogo tu. Maji yakipata moto na sahani ikabaki baridi, ni vizuri. Sahani ikipata moto yenyewe, hapana. Jirani alisimama na sisi, mikono kiunoni, mashine inanguruma. Ilipolia tulifungua. Maji yalikuwa vuguvugu. Mama mudogo akashika sahani na kuiachia pale pale, akaweka vidole sikioni.

"Ee! Inaunguza!"

"Basi haingie," jirani akasema.

"Labda mashine yako njo ina hasira."

"Mashine yangu? Mama, usinitukanie mashine. Wageni wanapashia humo kila siku."

Nilijua sababu, na kwa bahati niliweza kuisema nikiwa natazama chini. Siku ile asubuhi tulikuwa tumeziosha zile sahani. Udongo wetu una matundu madogo, na mguu hauna kioo, basi maji yanapanda kupitia mguu na kukaa ndani. Mikrowevu inapasha maji popote yalipo. Ilipasha yale yaliyo ndani ya sahani. Leo inaunguza vidole, kesho inapasuka na mchuzi juu yake.

Tulipofika mlangoni mama mudogo akaniuliza. "Unaweza kuandika, inaingia kidogo kidogo?"

Niliandika: *Isiingie mikrowevu. Tumejaribu, inapata moto sana. Pasha chakula ndani ya chombo kingine, kisha pakua humu.* Nikamsomea. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, anakosha burashi ambayo ilikuwa imeshakoshwa.

"Restora yote siku hizi wanapasha na mikrowevu," akasema. "Atatuacha."

"Labda."

"Na tena atakwenda kununua za plastiki."

"Labda, mama mudogo."

"Wewe na labda yako." Lakini hakuniambia nifute.

Mwisho ilibaki sahani kubwa ya kupakulia, ile ya katikati ya meza. Hii ndiyo aliyokuwa anaipenda kupita zote. Kuhe mzima, magamba moja moja, mkia unakunja kama anageuka kukutazama, na jicho jekundu. Aliileta mwenyewe mikono miwili, akaiweka mbele yangu, akakaa kusubiri. Kwa zile nyingine hakukaa kusubiri.

Niliitazama vizuri kwa sababu nilitaka kuiandika vizuri. Na ndipo niliona jicho. Lilikuwa linang'aa tofauti na mwili. Nikapitisha kidole. Mwili ulikuwa laini kama kioo cha dirisha, pale kwenye jicho kidole kikapanda kidogo. Na ile rangi niliijua. Nilikuwa nayo kwenye makucha yangu tangu misa ya Jumapili.

Nilianza kuandika, nikasita. Mama mudogo akasema, "Soma."

"Bado."

"Soma ulichoandika."

"*Sahani kubwa ya kupakulia,*" nikasoma. "*Kuhe, ameganda akigeuka...*" Kalamu ilikuwa imeishia hapo.

"Kisha?"

Niliweka kucha yangu pembeni ya jicho la samaki. Hivyo tu. Nyekundu na nyekundu.

Mama mudogo alitazama kucha, akatazama jicho. Kwanza midomo yake ilikaza, nikafikiri amekasirika. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Verni yangu ya makucha ni ya bei," akasema. "Haitoki hata ukifua nguo."

"Mama mudogo!"

"Emaye ilikimbia pale! Ilipotoka kwenye tanuru jicho lilikuwa kidoti cheupe, udongo uchi, kama samaki kipofu. Ningemuacha kipofu? Samaki muzuri vile?"

Tulicheka wote wawili, yeye akipangusa macho na kitenge. Lakini kicheko kilipoisha tulibaki tunaitazama sahani, na alijua kama mimi. Verni si kitu cha kulia. Mchuzi wa moto ukikaa juu yake utaivua, na chini yake kuna udongo usio na kioo, ambao utakunywa mafuta na kuyashika mpaka yaoze. Ile sahani ilikuwa nzuri kuliko zote, na ilikuwa ya ukuta.

"Andika," akasema polepole.

"Niandike nini?"

"Andika ya kutundika." Akasimama. "Hapana. Usiandike kitu. Hiyo haitaenda. Yeye alisema za kulia."

Aliitundika mwenyewe sebuleni. Alipiga msumari kwa nguvu nyingi kuliko msumari ulivyohitaji.

Tulituma maelezo na picha. Kisha kimya. Kila simu ilipolia mama mudogo alikuja na mikono ya udongo, mimi ninafungua, ni wanafunzi wenzangu wanaulizia mazoezi ya hesabu. Alianza kusema mambo ya kurudia vyungu vya kupikia, vile haviulizwi maswali. Nilijiona kama nimemfungia mlango kwa kalamu yangu, na usiku sala yangu ilikuwa fupi na yenye aibu.

Jibu lilikuja tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. "Mama, nimesoma. Mikrowevu basi, nitapashia ndani ya bakuli za kioo. Mwenye aliandika ile ya njaa ni nani? Nilicheka mpaka mupishi alikuja kuona. Tuma."

Mama mudogo alinimwagia sombe kichwani.

Kupakia ilikuwa kazi ya baba mudogo, mume wake. Yeye anauza ndakala, dagaa wa ziwa waliokaushwa, anazituma Lubumbashi kwa treni, na kwa hiyo anajiona profesa wa mizigo yote duniani. Nilimwandikia karatasi ya namna ya kufanya, tukafanya pamoja. Kila sahani ndani ya karatasi zake, tabaka juu ya tabaka, pembe zote zimefunikwa. Tunazisimamisha kwa ukingo, kama vitabu, hatuzilazi.

"Lakini zikilala zinatulia," baba mudogo akasema.

"Zikilala, ya chini inabeba wenzake wote. Karatoni ikiruka, ya chini inakufa kwanza."

"Kama sisi kwenye treni."

Kati ya sahani na sahani tuliweka kipande cha karatoni. Chini na pembeni, maganda ya mpunga yaliyokauka kabisa. Tulifunga, tukatikisa, tukasikiliza. Kulikuwa na sauti ndogo, tukafungua na kuongeza maganda, mpaka ikawa kimya kama jiwe. Kisha ile karatoni ilitakiwa iingie ndani ya karatoni nyingine kubwa, na nafasi katikati yao ijazwe pia, ili ikianguka, pigo liishie nje. Baba mudogo alitaka kuandika MAYAI kwa sababu wabebaji wanaheshimu mayai. Niliandika INAVUNJIKA, na mshale wa kwenda juu. Maganda ya mpunga yakaisha kabla hatujajaza ile nafasi ya katikati. Mimi nilikuwa na mtihani. Baba mudogo akasema, "Enda shule, mutoto. Nitamalizia. Kesho nabeba kwenye gari la moshi na magunia yangu."

Alimalizia.

Treni ilichelewa inavyochelewa, ikalala Nyunzu, ikalala Kabalo. Siku ile vokali ilipokuja tulikuwa wote watatu jikoni. Nilibonyeza.

"Mama! Zimefika! Hakuna hata moja imepasuka, nimezigonga zote zinalia vizuri. Asanteni sana kwa zile ndakala!"

Mama mudogo akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Tukageuka wote kwa baba mudogo, ambaye ghafla alipata kazi ya kufunga kamba ya kiatu.

"Lakini mama," vokali ikaendelea, "sahani zinanuka! Nimeziosha na sabuni, nimezipanga mezani, muteja wa kwanza amekaa mbele ya bugali ya moto, ananiita: mama, mimi nimeomba kuku, ndakala zinatoka wapi? Nifanye nini?"

"Uliweka ndakala?" mama mudogo akauliza.

"Maganda yaliisha."

"Ndakala, papa?"

"Kavu! Kavu kabisa! Laini, hazina uzito..." Akainua kichwa. "Na tena, mutu anatuma karatoni kutoka Kalemie mpaka Lubumbashi bila samaki ndani? Watasema sisi ni watu gani? Wewe umeona wapi?"

Hapo alisema kweli. Hakuna anayetoka kwenye ziwa hili mikono mitupu. Hata mimi nikienda kwa mama yangu Nyunzu, nabeba kifuko. Siku zote hizo niliandika kuhusu plomb na kioo na mikrowevu, na sikufikiria kwamba baba mudogo ana adabu.

"Watazirudisha," mama mudogo akasema. Alikaa kwenye kigoda. "Watazirudisha, ama watazipigia msumari."

Sikungoja kuambiwa niandike. Nilifikiria mguu, ule mguu uchi. Kama maji yanapandia pale, harufu pia ilipandia pale, safari nzima. Juu ya kioo sabuni inatosha, lakini mguuni harufu iko ndani. Nikaandika: *Mama, loweka sahani ndani ya maji ya vuguvugu yenye bikarbonati, ile ya mikate, mpaka asubuhi. Suuza vizuri. Kisha zisimamishe juani, mguu ukitazama jua, siku kadhaa, mpaka udongo ukauke ndani kabisa. Usizipange kabatini zikiwa na unyevu. Usiziweke kwenye mikrowevu ili zikauke.* Nilifikiri kidogo, nikaongeza: *Ndakala ni za baba mudogo. Ni zawadi. Hatukuzitaja kwenye maelezo kwa sababu hatukuzijua. Utusamehe.*

Nikaisoma kwa sauti. Jikoni, mbele ya wote wawili, bila kusimama katikati. Baba mudogo akasema, "Ameandika zawadi. Sikia, ameandika zawadi."

Wiki ile mama mudogo alichora jicho jipya. Kuhe mwingine, sahani nyingine kubwa. Safari hii aliipangusa vumbi kwanza, pole pole, kwa sababu vumbi ndilo linalofanya emaye ikimbie, na akasimama mbele ya tanuru kama mtu anayesubiri mtoto kuzaliwa. Jicho lilitoka likiwa chini ya kioo. Si jekundu sana. Ni la rangi ya kutu. Aliitazama, akaipa kisogo, akairudia.

Picha ilikuja wakati wa kula cha mchana. Si vokali, picha tu, na chini yake maneno machache: *Harufu imetoka, isipokuwa moja tu yenye kichwa ngumu. Hiyo ninakulia mimi. Za meza zote, tafadhali. Ndakala ziwe kwenye karatoni yao.*

Mama mudogo hakusoma maneno. Aliweka vidole viwili juu ya picha na kuivuta iwe kubwa. Ilikuwa meza ya restora, imepigwa haraka, kidole cha mpigaji pembeni. Sahani yake ilikuwa katikati. Mtu alikuwa ameshaondoka. Kulikuwa na kibonge cha bugali kilichobaki, mfupa wa kuku, na mchuzi mwekundu umepangushwa kwa tonge mpaka ukingoni, ukapita juu ya magamba ya samaki wake, juu ya pezi.

Alinisogezea simu, na mkono wake ulinuka udongo.

"Angalia," akasema. "Amekula mpaka kwenye mukia."